Mtunza vitabu anayetaka kuwa CPA: aingilie mlango upi?

Mdogo wangu anatunza vitabu kwenye duka la vipuri vya magari Gerezani, Kariakoo. Ana cheti cha kidato cha nne, ana miaka sita kazini, na mwenye duka hathubutu kutia saini hundi kabla hajamuuliza. Mwezi uliopita alikuja nyumbani na ushauri wa aina tatu aliopewa na watu watatu tofauti. Mmoja alimwambia bila shahada asahau. Wa pili alimwambia CPA ya Tanzania, yaani hadhi ya mhasibu aliyesajiliwa, haivuki Namanga, afanye ACCA ya Uingereza. Wa tatu, ambaye yeye mwenyewe ni "mhasibu" wa duka la jirani, alimwambia kwa miaka sita aliyokaa kazini yeye tayari ni mhasibu, amebakiza karatasi tu.

"Kaka, nimshike nani?" aliniuliza.

Nilimwambia wote watatu wana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inayokula ada za watu. Makala haya ni maelezo niliyompa, nimeyaongezea nyama kidogo kwa walio kwenye njia hiyohiyo, hasa walioko Tanzania.

Tuanze na majina, kwa sababu mtaani kila anayeshika kikokotoo anaitwa mhasibu. Mtunza vitabu ni yule anayeandika miamala inapotokea: mauzo, manunuzi, mishahara, pesa iliyoingia benki na iliyotoka. Akimaliza mwezi anatoa urari, yaani orodha ya salio zote yenye pande mbili zinazopaswa kulingana, na anasuluhisha daftari lake la fedha na taarifa ya benki. Mhasibu anaanzia pale urari ulipoishia. Yeye ndiye anayeamua muamala ule una maana gani: ni gharama ya mwaka huu au ya mwakani, ni mali au ni matumizi, ni deni la nani. Mkaguzi naye huja baadaye, akiwa mtu wa nje, kusema kama taarifa iliyotengenezwa inaaminika.

CPA si jina la kazi. Ni hadhi anayopewa mtu aliyefaulu mitihani ya taaluma, akapata uzoefu unaotakiwa, kisha akasajiliwa. Tanzania anayetahini na anayesajili ni chombo kimoja, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Kenya kazi hizo zimegawanywa: KASNEB inatahini, ICPAK inasajili wanachama. Ndiyo maana Mkenya anaweza kukwambia "nimemaliza CPA" akimaanisha mitihani ya KASNEB, ilhali hayumo bado kwenye daftari la ICPAK.

Jambo hili la kumaliza na kusajiliwa linawachanganya wengi, kwa hiyo chukua mfano wa dereva. Kujua kuendesha gari ni kitu kimoja. Kuwa na leseni ni kitu cha pili. Kuruhusiwa kubeba abiria kwenye daladala ni kitu cha tatu, na trafiki akikusimamisha hatakuuliza umeendesha miaka mingapi. Kwenye uhasibu, kufaulu mitihani ndiko kujua kuendesha. Leseni ni usajili kama CPA baada ya kuonyesha uzoefu wa miaka mitatu. Daladala ni kufungua ofisi ya ukaguzi na kutia saini hesabu za watu wengine, na hapo NBAA wana daraja lake la CPA anayetoa huduma kwa umma, ambalo linadai pia uzoefu wa ukaguzi chini ya ofisi inayofanya kazi hiyo.

Kwa hiyo yule mtu wa tatu, wa duka la jirani, amekosea wapi? Miaka sita ni mingi na ina thamani, lakini sheria inataka anayefanya kazi kama mhasibu awe amesajiliwa, na daftari la bodi halina safu ya "amezoea".

Kodi moja, madaraja matatu

Badala ya kumsomea mdogo wangu mtaala, nilimwambia alete muamala mmoja wa dukani tuutazame. Akaleta pango. Duka limepangwa kwa shilingi 500,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya mwaka mzima kwa mkupuo, na mwaka wa hesabu wa duka unaisha 31 Desemba. Tarehe 1 Oktoba zikalipwa shilingi 6,000,000. Kwa kuwa mpangaji ni kampuni, alizuia asilimia 10 akaipeleka TRA, yaani 600,000, na mwenye nyumba akapokea 5,400,000.

Hapa lugha yetu yenyewe inatega mtego. Kiswahili kinaita vyote viwili kodi: kodi ya pango na kodi ya serikali. Mdogo wangu alikuwa ameandika 5,400,000 kwenye leja ya pango na 600,000 kwenye leja aliyoiita "kodi TRA", pamoja na kodi nyingine za duka. Urari ulikaa sawa, na ndiyo hatari ya urari: unakubali kosa lolote mradi pande mbili zilingane. Ukweli ni kwamba pango ni 6,000,000 yote. Zile 600,000 si kodi ya duka hata senti moja. Ni kodi ya mapato ya mwenye nyumba, ambayo duka limeikusanya kwa niaba ya TRA na kuipeleka. Cheti cha zuio ndicho ushahidi wa mwenye nyumba kwamba kodi hiyo imeshalipwa.

Hilo ni daraja la kwanza, na ni la mtunza vitabu mzuri: kila shilingi mahali pake.

Daraja la pili linaanza Desemba. Kati ya miezi 12 iliyolipiwa, duka limekaa miezi mitatu tu, Oktoba hadi Desemba. Gharama ya mwaka huu ni 1,500,000. Zile 4,500,000 zilizobaki ni mali, kwa sababu mwenye nyumba bado anadaiwa miezi tisa ya kukaa. Mdogo wangu alikuwa ameziweka zote kwenye gharama, kwa hiyo faida ya duka ilionekana pungufu kwa 4,500,000. Kwa kampuni inayolipa kodi ya mapato ya asilimia 30, hiyo ni tofauti ya 1,350,000 kwenye kodi ya mwaka huo. Mwaka unaofuata ingejirekebisha yenyewe, lakini TRA hawasubiri mwaka unaofuata, wala benki inayopima mkopo haisubiri.

Daraja la tatu ni la mitihani ya mwisho. Tuseme mkataba ni wa miaka mitano, pango lilelile linalipwa kila tarehe 1 Oktoba, na kampuni inafuata viwango kamili vya kimataifa, IFRS, ambavyo Tanzania ilianza kuvitumia mwaka 2004. Kiwango cha 16, kilichoanza kutumika mwaka 2019, kinasema mkataba wa namna hiyo unakupa mali na deni kwa pamoja. Malipo manne yaliyobaki yanapunguzwa kwa riba ambayo kampuni ingekopea. Kwa riba ya asilimia 10 yanakuwa kama 19,020,000, na hilo ndilo deni. Ukijumlisha 6,000,000 zilizolipwa siku ya kwanza, mali ni kama 25,020,000. Kwa ile miezi mitatu ya mwanzo hutaona tena neno pango kwenye hesabu ya faida. Utaona uchakavu wa kama 1,251,000 na riba ya kama 475,500, jumla karibu 1,727,000, si zile 1,500,000.

Mdogo wangu alinyamaza, kisha akauliza swali la maana kuliko yote ya siku hiyo: "Sasa duka letu tunafanya ipi?" Jibu ni ya daraja la pili, kwa sababu biashara ndogo huruhusiwa kutumia kiwango chao chepesi zaidi, ambacho bado kinagawa pango sawasawa kwa miezi. Lakini kujua lini utumie ipi na kueleza kwa nini ndiyo kazi ya CPA. Namba zenyewe hata programu ya kompyuta inazitoa.

Nimetumia muda mrefu kwenye pango kwa sababu mfano huu ndio utakaotusaidia kupima milango. Mlango mzuri kwako ni ule unaokupokea ukiwa daraja la kwanza, ukakupandisha la pili bila kuliruka, na ukakufikisha la tatu ukiwa bado na pesa na pumzi.

Mlango wa kwanza: ATEC

NBAA wana ngazi ya chini inayoitwa ATEC, ya wasaidizi wa uhasibu. Ina hatua mbili, na kila moja ina masomo manne. Ya kwanza ina utunzaji wa vitabu, hesabu za biashara na takwimu, kompyuta na mawasiliano. Ya pili ina misingi ya uhasibu na ukaguzi, uhasibu wa gharama na ununuzi, hesabu za sekta ya umma na vyama vya ushirika, na maarifa ya biashara pamoja na kodi. Mwenye cheti cha kidato cha nne anaweza kuanzia hapo. Akimaliza ATEC ya pili anaingia ngazi ya awali ya CPA, kisha ngazi ya kati, kisha ya mwisho yenye masomo manne: taarifa za fedha za kampuni, ukaguzi, fedha za biashara, na kodi kwa kina.

Mitihani hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Sasa piga hesabu kama mtu wa vitabu. Ukitumia muhula mmoja kwa kila hatua ya ATEC, mmoja kwa ngazi ya awali, miwili kwa ya kati na miwili kwa ya mwisho, ni mihula saba, yaani miaka mitatu na nusu. Hiyo ni kama hujafeli hata somo moja, hujaumwa, na bosi hajakunyima ruhusa wiki ya mitihani. Kwa mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki Kariakoo, mimi naweka miaka mitano na sioni aibu.

Uzuri wa mlango huu ni kwamba ukiishia njiani hutoki mikono mitupu. Cheti cha ATEC ya pili kinasomeka kwenye ofisi yoyote. Na kuna faida nyingine: zile 600,000 za zuio la pango utafundishwa zilivyo, kwa sheria ya hapa na jinsi TRA wanavyotaka.

Ubaya wake hausemwi sana. Mitihani yote ni kwa Kiingereza, na kadiri unavyopanda ndivyo hesabu zinavyopungua na maelezo yanavyoongezeka. Nimeona watunza vitabu hodari, watu wanaofunga mwezi kwa siku mbili, wakiangushwa ngazi ya mwisho na swali linalosema "mshauri mkurugenzi". Wanajua jibu. Wangelisema kwa Kiswahili kwa dakika tano. Kwenye karatasi wanaandika mistari mitatu na jedwali. Dawa yake ni kuanza mapema, tangu ATEC, kuandika kila wiki ukurasa mmoja wa maelezo kuhusu muamala mmoja wa kazini, kwa Kiingereza, bila jedwali. Mdogo wangu ataanza na pango.

Mlango wa pili: chuo kwanza

Yule aliyesema bila shahada asahau alikuwa anazungumzia ajira, na amechanganya ajira na taaluma. Kwa taaluma, njia ya ATEC inafika CPA bila shahada. Kwa ajira, hasa serikalini, tangazo huweza kutaka shahada ya uhasibu, na mara nyingi hutaja pia cheti cha ngazi ya kati cha NBAA kama mbadala. Kama lengo lako ni nafasi fulani, soma matangazo yake kumi ya nyuma kabla hujalipa ada popote.

Kwa mwenye kidato cha nne, njia ya chuo ni ndefu: astashahada mwaka mmoja, stashahada miaka miwili, shahada miaka mitatu. Miaka sita, kwenye vyuo kama TIA, CBE, IFM au Chuo cha Uhasibu Arusha. Baada ya hapo mwenye shahada ya uhasibu husamehewa ngazi za chini za NBAA na kuanzia ngazi ya kati.

Msamaha huo ndio unaowavutia watu, na ndipo penye mtego ninaotaka kuusemea kidogo. Kusamehewa somo maana yake bodi imekubali kwamba ulilisoma kwingine. Haina maana kwamba unalikumbuka. Mtu aliyepita daraja la pili chuoni kwa kukariri anaingia ngazi ya kati na ya mwisho akiwa na shimo katikati, na mitihani ya juu haimfundishi tena kwa nini zile 4,500,000 ni mali. Inachukulia kwamba anajua, inampa kampuni tanzu tatu azijumlishe. Utamtambua mtu mwenye shimo hili kwa dalili moja: anafeli somo la taarifa za fedha mara mbili, tatu, huku masomo ya maelezo anapita. Akirudi nyuma miezi miwili akafanya marekebisho ya mwisho wa mwaka kwa mkono, bila programu, mara nyingi hufunguka. Kwa mtunza vitabu wa miaka sita shimo hilo huwa halipo, na hapo ndipo uzoefu wake unapolipa kweli.

Mlango wa chuo naushauri kwa kijana aliyetoka shule na mwenye wa kumlipia. Kwa mtu mwenye mshahara na watoto, mimi ningefanya ATEC kwanza, shahada ikija baadaye kwa masomo ya jioni kama kazi itaidai.

Mlango wa tatu: ACCA

ACCA ni chama cha wahasibu cha Uingereza, kilichoanza mwaka 1904. Kwa mpangilio wa sasa kina mitihani 13: mitatu ya maarifa, sita ya ujuzi na minne ya juu, ambayo miwili ni ya lazima na miwili unachagua. Kuna pia moduli ya maadili, na miezi 36 ya uzoefu. Mitihani mikubwa hufanyika mara nne kwa mwaka na alama ya kufaulu ni 50. Mwenye kidato cha nne pekee haingii moja kwa moja. Anapitia ngazi yao ya msingi isiyodai cheti cha kuingilia, na akifaulu masomo matatu ya juu ya ngazi hiyo anahesabiwa amemaliza yale matatu ya maarifa.

Je, ni kweli kwamba CPA ya Tanzania haivuki Namanga? Si kweli. NBAA, ICPAK na ACCA wote ni wanachama wa shirikisho moja la kimataifa la wahasibu, na mwaka 2011 vyama vya wahasibu vya Afrika Mashariki vilitia saini makubaliano ya kutambuana. IFRS inayotahiniwa Dar es Salaam ni ileile inayotahiniwa London. Tofauti iko kwenye masikio ya mwajiri. Ukipeleka maombi Dubai au Maskati, anayepanga karatasi huenda hajawahi kuona CPA ya Tanzania, ila ACCA anaijua. Hiyo ni faida halisi, nami siibezi.

Lakini rudi kwenye pango letu. ACCA wana somo la kodi kwenye ngazi ya ujuzi, na lina matoleo ya nchi kadhaa. Tanzania haimo, Kenya haimo. Mtahiniwa wa Dar es Salaam kwa kawaida husoma kodi ya Uingereza: viwango vyao, misamaha yao, tarehe zao. Atafaulu vizuri kabisa, kisha Jumatatu asubuhi mwenye duka amuulize kuhusu zuio la asilimia 10 na hati ya TRA, aanze kupekua simu. Ndiyo maana bodi za nchi zetu, mwenye sifa za nje anapotaka usajili, zinaweza kumtaka athibitishe kwamba anajua sheria na kodi za hapa.

Jambo la pili ni pesa, na hapa mtu wa vitabu asikubali kuambiwa "ada ni nafuu tu". Ada za ACCA ziko kwa pauni. Kuna ya kujiandikisha, kuna ya kila mtihani, kuna ya kila somo ulilosamehewa, na kuna ya uanachama ambayo inadaiwa kila Januari hata kama mwaka huo hukufanya mtihani. Shilingi ikishuka, ada yako inapanda bila chama kubadilisha chochote. Ngazi ya juu nayo ina saa inayogonga: una miaka saba ya kumaliza masomo yake, na ulilofaulu zamani zaidi ya hapo linaweza kufutika.

Uzoefu gani unahesabika

Swali hili huwa halijibiwi vizuri, kwa hiyo tulichukue polepole. Njia zote zinataka uzoefu, na mtunza vitabu hujiona amemaliza. Kinachoangaliwa si miaka tu. Kinaangaliwa ulifanya nini, na nani mwenye sifa alikuona ukifanya. Kwa ACCA, bosi wako asiye mhasibu anaweza kuthibitisha muda uliokaa kazini, lakini malengo ya kazi yenyewe, ambayo ni tisa, lazima yasainiwe na mhasibu aliyefuzu. Mwenye duka la vipuri, hata awe mtu mwema kiasi gani, hawezi kusema kama ulitengeneza marekebisho ya mwisho wa mwaka kwa usahihi.

Duka lenye mtunza vitabu mmoja lina njia ya kutokea. Karibu kila kampuni ina mkaguzi au mshauri wa hesabu anayekuja mwisho wa mwaka. Badala ya kumkabidhi maboksi ya risiti na kumwacha atengeneze kila kitu, mwombe akuachie marekebisho uyaandae wewe, yeye ayapitie. Tunza nakala yenye masahihisho yake kwa kalamu nyekundu. ACCA wanakubali mhasibu wa nje anayeijua kazi yako awe msimamizi, kwa utaratibu wao. Kwa NBAA, ukifika wakati wa kuomba usajili, jalada lenye kazi iliyopitiwa na CPA lina uzito kuliko barua isemayo "amefanya kazi kwetu kwa uaminifu mkubwa".

Walioko Kenya watakuta ramani inayofanana, majina tofauti. CPA ya KASNEB inataka wastani wa C+ kwenye KCSE, mtihani wao wa kidato cha nne. Aliye chini ya hapo ana stashahada ya mafundi wa uhasibu, ATD, ambayo ikikamilika inamfungulia CPA. Tangu mtaala wa mwaka 2021 ngazi za CPA ni tatu, na ya juu ina somo la uchambuzi wa data linalofanywa kwenye kompyuta. Mtunza vitabu anayeishi ndani ya Excel asilidharau, lakini pia asiliogope.

Tulipomaliza, mdogo wangu alichukua karatasi akachora mistari miwili. Kwenye mmoja aliandika ATEC, Mei. Kwenye wa pili aliandika Maskati, akaweka alama ya kuuliza, kwa sababu shangazi yetu yuko huko na amekuwa akimwita. Nilimwambia alama ya kuuliza ibaki hadi amalize ngazi ya kati, ndipo aangalie kwenye kikokotoo cha misamaha cha ACCA mtandaoni ni masomo mangapi wangemwachia, na ni pauni ngapi.

Kisha akafungua daftari la duka, akafuta "kodi TRA", akaandika pembeni kwa penseli: *mwenye nyumba bado hajapewa cheti chake cha zuio*. Ilikuwa kweli. Miaka miwili.